Dai Lisilo na Salamu

Mtaa mzima unamwita wifi yangu Mama Pasi, na aliyempa jina hilo ni mimi. Kaka yangu alipomwoa nilikwenda kumkagua, kama mawifi tunavyokagua, nikamkuta anapiga pasi kitambaa cha kushikia masufuria. Kitambaa chenyewe kimeungua pembe mbili, yeye anakikunja mara nne kama shuka ya bibi harusi. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama, kaka hajaoa mke, kaoa pasi. Jina likaganda.

Siku hizi ana duka la kufulia. Lina vyumba viwili vilivyoungana. Cha mbele kina kaunta na rafu, na cha nyuma kina mashine kubwa, kikaushio, na meza ndefu ambapo wanawake wawili wa pasi wanasimama kutwa. Kaka alipofariki watu walidhani atafunga. Hakufunga. Alikopa, akanunua mashine kubwa, akatafuta kazi za mafurushi, kisha akaniita mimi, niliyekuwa nimestaafishwa kwenye ofisi ya mizigo, nije kushika hesabu. "Wifi," aliniambia, "wewe una mdomo na una hesabu. Mimi nina mikono tu." Nikamjibu kwamba mdomo wangu una bei yake. Mpaka leo hajailipa.

Kuhusu mikono alisema kweli. Shuka aliyoinyoosha yeye unaona aibu kuilalia. Taabu yake ni moja, hajui kudai. Mtu akimkanyaga mguu, yeye ndiye anayeomba radhi kwa kuweka mguu pale. Na mteja wetu mkubwa kuliko wote, aliyekuwa akituletea zaidi ya nusu ya kazi yetu, alikuwa Bwana Gesti.

Bwana Gesti ana nyumba ya wageni ya ghorofa mbili karibu na stendi. Dereva wake alikuwa akileta mafurushi ya shuka, foronya na taulo asubuhi, na kuchukua yaliyosafishwa. Makubaliano yalikuwa alipe kila mwisho wa mwezi. Alilipa vizuri mwaka mzima. Kisha akalipa nusu. Kisha akawa halipi. Mimi nilikuwa natengeneza ankara kila mwezi naifunga juu ya furushi, na mwezi wa pili wa kutolipwa nikaanza kuambatanisha taarifa ya hesabu niliyoigonga muhuri mwekundu: MUDA WA KULIPA UMEPITA. Hakuna aliyejibu. Nilikuwa kama napigia ukuta hodi.

"Mimi namkumbusha kwenye simu," wifi alikuwa akinituliza. "Ananijibu vizuri sana. Tusimwaibishe."

Deni likafika milioni moja, laki mbili na elfu arobaini. Na sisi tulikuwa tumechelewesha marejesho mawili ya mashine. Afisa mikopo alikuja mwenyewe, kijana wa shati lililopigwa pasi vibaya, akazunguka ile mashine akiitazama kama mtu anayetazama ng'ombe mnadani. Akasema kwa upole kwamba marejesho yale yasipolipwa hadi Jumatatu ya wiki inayofuata, gari litakuja kuibeba. Ndivyo mkataba ulivyosema, na sahihi ilikuwa ya wifi.

Kisha akatoka. Wanawake wa pasi waliendelea kupiga pasi, lakini nilisikia pasi zinapita polepole. Bila mashine hiyo wote wawili wangerudi nyumbani, na mimi na wifi tungerudi kufua kwa beseni. Mimi nikiogopa huwa nagomba, kwa hiyo nikagomba.

"Leo tunaandika dai la mwisho," nilisema. "Sio kesho. Lete simu yako nione ulivyomkumbusha, barua inataka tarehe."

Akasita. Nikanyoosha mkono mpaka akanipa.

Jamani, nilisoma zile jumbe nimesimama na nikamaliza nimekaa. Wa kwanza ulianza hivi: Shikamoo kwa mama yetu, na wewe u mzima, na watoto je, mguu wa mama unaendeleaje, nilisikia amebadilishiwa dawa, naye asisimame sana, mwambie ile khanga yake nimeitoa doa, nitamletea mwenyewe. Ukaendelea hivyo hivyo ukurasa mzima wa simu, na mwisho kabisa, chini ya salamu za watu ambao hata mimi siwajui: na ukijaliwa tusisahau lile jambo letu.

Jibu la Bwana Gesti: Ahsante sana, mama hajambo, anakusalimu mno.

Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hivyo hivyo, tena na pole za mafua.

"Wifi," nilisema, "hapa umedai wapi?"

"Hapo mwisho."

"Lile jambo letu? Jambo gani? Akisoma mwingine atadhani mna mpango wa kutoroka."

Hakucheka. Alisema, "Mtu huwezi kumwingilia kwa pesa kabla hujamjulia hali. Na yule mama ananiita mwanangu." Nikaona macho yake yamejaa, nikamrudishia simu yake.

Lazima nieleze habari ya yule mama. Ni mama mzazi wa Bwana Gesti, anakaa chumba cha chini kule gesti, dirisha lake linatazama lango. Mguu umemshinda, hatoki. Nguo zake wifi alikuwa akizifua kwa mkono, bila kuziandika kwenye ankara, na kila akizipeleka alikaa naye kitandani wakaongea mpaka chai ipoe. Wifi hana mama. Basi, mengine unayajua.

Mtaa wa nyuma kuna steshenari, na ndani yake mchapaji, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, anayewaandikia watu wa eneo letu barua za kila aina. Tulikwenda na faili langu. Wifi alikuwa ameandika mwanzo wake kwenye karatasi, amejitahidi: Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya pamoja na familia.

Mchapaji aliisoma, akaiweka kando. "Hii nzuri, utaitumia Sikukuu. Mnadai nini?"

Nikamwambia. Akaanza kugonga, anasoma kwa sauti huku anagonga. Kichwa cha barua kikawa DAI LA MWISHO. Chini yake ankara tunazodai, namba na tarehe ya kila moja na kiasi chake, kisha jumla. Kisha kwamba tumeshamkumbusha kwa taarifa za hesabu, na tarehe zake.

"Na jumbe za simu?" aliuliza.

Nikamwonyesha. Alisoma ule wa kwanza, miwani ikateleza puani. "Hizi tusizitaje," alisema. "Mwanasheria wake akiziona atasema mlikuwa mnachumbiana."

Mimi nilitaka iandikwe kwamba asipolipa atakamatwa. Mchapaji akaacha kugonga. Alisema deni la biashara si wizi, halimpeleki mtu mahabusu, na ukimtishia hivyo wewe ndiye utakayejieleza. "Andika hatua ambayo ni haki yako na ambayo kweli utaichukua. Ukiandika usilolifanya, barua yako ya pili atafungia maandazi."

Basi tukakubaliana. Alipe deni lote kabla ya saa kumi jioni ya Ijumaa, siku tatu kabla ya ile Jumatatu yetu ya mkopo, kwenye akaunti ya duka, namba ikaandikwa. Kama ana pingamizi na kiasi chochote, alieleze kwa maandishi kabla ya siku hiyo hiyo. Asipolipa wala kupinga, tutasimamisha huduma na kufungua shauri mahakama ya madai madogo bila kumpa taarifa nyingine, na gharama za shauri tutaomba azibebe yeye.

"Shuka zake tulizonazo je?" niliuliza. "Tuzifungie."

Hapo wifi akasema neno lake la kwanza. "Shuka zake zirudi. Zimeshafuliwa. Kuna wageni watalalia nini?"

"Watalalia ubishi wa mwenye nyumba."

"Wifi, zirudi." Na sauti ile sikuwahi kuisikia kwake. Mchapaji akatutazama, akachapa nakala mbili, akatutoza mbili.

Wifi aliisoma barua iliyokamilika akiwa amesimama mlangoni, kwenye mwanga. Aliisoma tena. "Haina hata habari yako," alisema. Nikamwambia ndio uzuri wake. Akachukua kalamu akatia sahihi kwenye zote mbili, na akasema ataipeleka mwenyewe. Mimi nilikataa kabisa. Nilijua akifika pale atakaa, atakunywa chai, atarudi na barua kwenye pochi. Akasema deni ni lake na mkopo ni wake. Kopa harusi, lipa matanga, nikajisemea, na harusi yenyewe hatujaicheza.

Tulikwenda pamoja, mimi nikabaki langoni. Kupitia mlango wa kioo niliona mapokezi yote. Wifi alipita na furushi la shuka safi begani, akaliweka. Bwana Gesti alitoka ofisini ananyoosha mikono yote miwili, tabasamu mpaka masikioni. Wifi hakupokea mikono. Aliweka bahasha juu ya kaunta, akaweka nakala pembeni, akaonyesha kwa kidole mahali pa kusaini. Tabasamu la yule bwana lilikaa usoni muda kidogo halijui liende wapi. Akafungua, akasoma, akainama akasaini kwamba amepokea, akaandika tarehe.

Wakati huo dirisha la chini likafunguka na sauti ya kizee ikaita, "Huyo si mwanangu wa pasi? Mbona hupiti huku?"

Wifi alikuwa ameshatoka, yuko katikati ya ua. Alisimama. Nilimwona mabega yakishuka. Nikasema moyoni, basi, ameanguka, anaingia. Lakini alitembea mpaka langoni bila kugeuka, akanipa ile nakala iliyosainiwa, na tulipofika kona akashika ukuta akalia. Mimi sijui kubembeleza. Nilimshikia pochi.

Siku zilizofuata sitaki hata kuzikumbuka. Kwanza, dereva wa gesti hakuja. Hatukuwa tumesimamisha huduma, muda ulikuwa bado, lakini mafurushi yalikatika kama maji ya bomba. Wanawake wa pasi walimaliza kazi mapema, wakaanza kufuta rafu ambazo hazina vumbi. Simu ikilia sote tunaruka. Afisa mikopo alipiga kuulizia kama tumejipanga. Nilimwambia tumejipanga sana, kisha nikaenda chooni nikakaa tu.

Kilichonitesa zaidi ni kwamba barua ile ilikuwa yangu. Wazo langu, mdomo wangu. Mashine ikienda, nimeipoteza mimi. Mteja akienda, nimemfukuza mimi. Na wifi hakunilaumu hata kidogo, jambo ambalo lilinikera kuliko kama angenitukana. Kila alfajiri alifungua duka, akawasha mashine akafua mapazia ya nyumbani kwake ili, alisema, isilale njaa.

"Je, kama hatalipa?" nilimuuliza siku moja. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kurudi nyuma. Labda tumwongezee wiki. Labda apewe nafasi, alipe nusu. Mimi, mwenye mdomo.

Wifi akafungua pochi yake akatoa karatasi zilizokunjwa mara nne, zimenyooka kama zimepigwa pasi. Ilikuwa fomu ya madai kutoka mahakamani. Alikuwa amekwenda peke yake, ameulizia ada, amejaza jina lake na jina la Bwana Gesti na kiasi, na ameambatanisha nakala kivuli ya kila ankara na ile nakala yenye sahihi. Pamebaki tarehe tu.

"Mchapaji alisema tusiandike tusilolifanya," alisema. "Jumatatu asubuhi naipeleka. Mashine wataichukua, najua, mahakama haiwezi kuwahi. Lakini naipeleka."

Nilimtazama huyu mwanamke wa kitambaa cha masufuria. Niliona aibu, na niliogopa zaidi, maana sasa nilijua kwamba hakuna hata mmoja wetu atakayerudi nyuma.

Ijumaa ilifika. Kuanzia asubuhi nilikuwa naangalia ujumbe wa benki kwenye simu ya duka kama mtu anayeangalia chungu. Mchana, kimya. Saa nane, kimya. Wanasema kimya kingi kina mshindo, lakini mimi nilichosikia ni kikaushio tu, na ndani yake mapazia ya wifi yanazunguka kwa mara ya nne wiki ile. Saa tisa na ushei wifi alianza kukunja vitu ambavyo vimekunjwa tayari.

Saa kumi ilikuwa inakaribia gari lilipoegeshwa. Aliingia Bwana Gesti mwenyewe, amevaa koti, uso umekaza. Hakusema hodi wala hamjambo. Aliweka slipu ya benki juu ya kaunta, akaisukuma kwa kidole, vile vile kama wifi alivyosukuma barua.

Niliichukua. Milioni moja, laki mbili na elfu arobaini. Nikasema, "Subiri kidogo," kwa sababu slipu mtu yeyote anaweza kugonga, na nikapiga simu benki. Alisubiri amesimama. Simu ya duka ikatoa mlio kabla sijajibiwa, na ujumbe ukawa huo, pesa imeingia yote. Niligeukia rafu nikajifanya natafuta kitabu cha risiti.

"Nilikuwa najua mnanidai," alisema Bwana Gesti. Alisema kwa wifi, sio kwangu. "Zile karatasi zenu za muhuri mwekundu niliziona, nikaziweka kwenye droo na nyingine. Nina wanaonidai wengi. Wengine wanakuja na matusi, nawalipa wao kwanza. Wewe kila mara unaniuliza mguu wa mama. Nikajua mtu mwenye shida haulizi habari za mguu."

Wifi alinyanyua macho. "Nilikuwa na shida," alisema. "Na mguu nilitaka kujua. Vyote viwili."

Mimi nilikuwa na neno, tena lenye pilipili, lakini nikaandika risiti, nikagonga muhuri IMELIPWA, nikampa. Aliikunja, akatoka. Alivyoingia bila salamu ndivyo alivyoondoka bila kwaheri.

Tulikimbilia benki kabla haijafunga, na marejesho yakalipwa. Afisa mikopo alituma ujumbe wa pongezi. Mashine ilibaki mahali pake. Nilitaka tushangilie, hata soda, lakini wifi alikaa nyuma kwenye ndoo iliyopinduliwa, mkono wake umegusa ubavu wa mashine, akasema, "Sasa tutafua nini?"

Ndilo swali nililokuwa nalikwepa. Dawa ya deni ni kulipa, sawa, na akishalipa mtu anaweza kukuhama. Jumatatu dereva hakuja. Jumanne hakuja. Niliwaona wanawake wa pasi wananong'ona, nikaenda madukani na vinyozini kuomba kazi za taulo, nikapata mbili tatu za kuzugia. Wifi alikuwa akishika simu yake, anaifungua, anaitazama, anaifunga. Nilijua anataka kumwandikia yule mama. Nilijua pia anaona hana haki tena.

Alhamisi nilikuwa kaunta napiga miayo niliposikia breki. Dereva wa gesti akaingia na furushi, akatoka akaleta la pili, na la tatu, yamejaa mpaka yanapasuka. Alionekana kama mtu aliyefungwa mdomo wiki nzima. Akanipa bahasha. Ndani mlikuwa na pesa ya nusu mwezi, imelipwa mbele, na ile orodha ya kawaida iliyofungwa na furushi: shuka ngapi, foronya ngapi, taulo ngapi. Chini ya orodha, kwa mwandiko wa Bwana Gesti uliokandamizwa karatasi ikakaribia kutoboka, palikuwa na mstari mmoja.

Nilimpelekea wifi nyuma. Alikausha mikono kwenye aproni ndipo akashika karatasi.

Mama hali chakula vizuri tangu siku ile, anauliza amekukosea nini hukupita kumsalimia.

Wifi aliketi kwenye ndoo yake. Alicheka, kisha hakucheka, kisha akavua aproni na kuivaa tena, hajui aanze na lipi. Nami, sitaficha, nililia kidogo, nikasingizia mvuke.

Akatoa simu. Vidole tayari vinaandika shikamoo. Nikasimama nyuma yake nikachungulia, ameshafika kwenye mguu, anashuka kwenye dawa, anaelekea kwenye khanga.

"Andika utakavyo," nilimwambia. "Zote, mpaka betri iishe. Lakini wifi yangu, ukifika kwenye pesa, simama. Hiyo naandika mimi, ujumbe wa peke yake."

"Sawa, wifi," alisema bila kuinua kichwa. "Anza basi kwa kumsalimia."